Pini zilisimbwa, lakini wanachama waambiwe: barua ya kueleza uvujaji wa data

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Kenya chenye wanachama wapatao 3,800. Jumatatu, tarehe 19 Mei, fundi wetu aligundua kwamba nakala rudufu ya hifadhidata yetu ilikuwa imeachwa kwenye tovuti tangu tarehe 4 Februari, mahali ambapo yeyote angeweza kuipakua. Kumbukumbu za seva zinaonyesha ilipakuliwa mara mbili tarehe 11 Mei. Ndani yake mna majina, nambari za vitambulisho, tarehe za kuzaliwa, nambari za simu, salio, wadhamini wa mikopo, warithi, na pini za huduma yetu ya simu. Fundi anasema pini zilisimbwa kwa bcrypt, kwa hiyo tusizitaje. Mwenyekiti anahofia wanachama watakimbilia kutoa pesa zao. Tuwaandikie nini, na tuwaambie wafanye nini?

Jibu:

Ndugu Katibu, pini zitajwe, na zitajwe kabla ya kitu kingine chochote. Fundi wenu hakukosea kuisifu bcrypt, kwa kuwa iliundwa makusudi iwe ya polepole ili anayebahatisha nywila achoke kabla hajaipata. Alichosahau ni kwamba pini si nywila. Nikichukulia kwamba pini zenu ni za tarakimu nne kama zilivyo nyingi, uwezekano wote ni 10,000 tu, kuanzia 0000 hadi 9999. Tuseme kompyuta ya kawaida inatumia sehemu ya kumi ya sekunde kujaribu pini moja. Itamaliza uwezekano wote kwa sekunde 1,000, yaani chini ya dakika 17 kwa kila mwanachama. Kuwapitia wanachama wote 3,800 kwa mwendo huo kungechukua siku 44 hivi kwa kompyuta moja iliyo dhaifu, lakini mwizi hana haja ya kuwapitia wote. Salio liko ndani ya faili hiyo hiyo. Atawapanga kwa ukubwa wa salio, aanze na wa juu, na kwa kila mmoja atajaribu kwanza 1234 na mwaka wa kuzaliwa, ambao nao ameupata humo humo.

Jambo hili linagusa pia wajibu wenu wa kisheria. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinawataka mumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu mlipofahamu kwamba taarifa zimefikiwa na asiyeruhusiwa, na mkichelewa mtoe sababu za kuchelewa. Kisha muwajulishe wenye taarifa kwa maandishi ndani ya muda unaowezekana kwa kadiri ya hali. Kifungu hicho hicho kinamwondolea mtunza data wajibu wa kuwajulisha wenye data pale alipoweka kinga za kutosha, ikiwemo usimbaji wa taarifa zilizoguswa, na nadhani hapo ndipo ushauri wa fundi ulipotoka. Kinga ya dakika 17 haitoshi kuitwa kinga, na hata ingekuwa ya miaka 17, majina, vitambulisho na salio havikusimbwa kabisa. Mlifahamu Jumatatu, kwa hiyo saa zenu zinaisha Alhamisi, saa ile ile mliyofahamu. Taarifa kwa Kamishna itangulie, hata kama uchunguzi haujakamilika. Mwandikieni mnachokijua na mseme ni kipi bado mnakichunguza.

Kabla hamjaandika chochote, kuna kazi moja ya kufanywa leo. Kumbukumbu za seva hazikai milele. Seva nyingi za nginx zilizowekwa juu ya Debian au Ubuntu, zisipobadilishwa mpangilio, hufunga kumbukumbu kila siku na kutunza za siku 14 tu, kisha zinafuta za zamani. Maana yake ni kwamba mistari ya tarehe 11 Mei, ambayo ndiyo ushahidi pekee mlio nao, inaweza kufutika yenyewe siku chache zijazo bila mtu kuigusa. Fundi azinakili zote kwenye diski nyingine, kisha aitafute faili ndani yake, akiweka jina halisi la faili yenu badala ya hili langu la mfano:

```
zgrep "wanachama.sql" /var/log/nginx/access.log*
```

Katika kila mstari utakaotokea, atazame nambari mbili zinazofuatana baada ya ombi lenyewe. Ya kwanza ni hali ya jibu: 200 inaonyesha faili ilitolewa, 206 inaonyesha kipande chake kilitolewa, na 404 inaonyesha haikupatikana. Ya pili ni idadi ya baiti zilizotumwa. Ikiwa inalingana na ukubwa wa faili, aliyeiomba aliichukua nzima; ikiwa ni ndogo zaidi, huenda alikatika njiani, au alichukua vipande vingi ambavyo lazima vijumlishwe. Kwa hesabu hiyo ndipo mtajua kama mwandike “imechukuliwa” au “sehemu yake imechukuliwa”. Bila hesabu hiyo mtakuwa mnakisia, na wanachama wenu watakuwa wanafanya maamuzi ya pesa zao juu ya kisio.

Sasa angalia kile ambacho kumbukumbu hizo haziwezi kuwaambia. Faili ilikaa wazi tangu tarehe 4 Februari, lakini kumbukumbu zenu, kama ni za siku 14, zinaanzia mwanzoni mwa Mei. Kuna miezi mitatu ambayo hakuna anayeijua. Hapa ndipo barua nyingi za aina hii huharibikia, kwa sentensi ambayo kila mwanasheria anaipenda: “Hatuna ushahidi kwamba taarifa zenu zimetumiwa vibaya.” Sentensi hiyo inaweza kuwa kweli tupu na bado ikampotosha msomaji, kwa sababu yeye huisoma kama “tumechunguza, tukaona mko salama”, ilhali mwandishi anamaanisha “hatukuwa na kitu cha kutazama”. Kama miezi mitatu haina kumbukumbu, iandikeni hivyo hivyo.

Kisa cha LastPass kinaonyesha gharama ya sentensi hiyo. Hii ni kampuni inayowatunzia watu nywila zao, na mnamo Agosti 2022 iliwatangazia wateja kwamba mtu ameingia katika mazingira ya watengeneza programu wake, lakini hapakuwa na ushahidi kwamba taarifa za wateja zilifikiwa. Wateja walipumua, na wengi hawakufanya chochote. Mwezi Novemba kampuni ikasema kuna taarifa za wateja zilizoguswa. Tarehe 22 Desemba ikakiri kwamba mvamizi, kwa kutumia alichokiiba Agosti, alikuwa amenakili hifadhi zenyewe za wateja, ambamo nywila zilisimbwa lakini anwani za tovuti wanazozitumia hazikusimbwa. Sidai kwamba tangazo la Agosti lilikuwa uongo. Lilikuwa na kosa la kufunga mlango ambao uchunguzi haukuwa umeufunga, na matokeo yake ni kwamba miezi minne ambayo mtu angeitumia kubadilisha nywila zake muhimu ilipita bure.

Turudi kwenu. Kiini cha barua ni kuifanya kila taarifa iliyotoka iambatane na madhara yake na hatua yake. Orodha ya vilivyochukuliwa ikikaa aya ya pili na ushauri ukakaa aya ya tano, msomaji hataviunganisha. Atasoma “nambari ya kitambulisho” na chini kabisa atasoma “kuwa mwangalifu”, na hatajua awe mwangalifu na nini. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, kaeni na mwenyekiti na fundi mjiulize juu ya kila safu ya hifadhidata ile: aliye na hiki anaweza kufanya nini kesho asubuhi?

Pini tumekwisha kuziona. Hatua yake ni kubadilishwa, na hapa nawaomba msiwaachie wanachama kazi hiyo. Zifuteni nyinyi wenyewe zote kwa pamoja, ili pini ya zamani isifanye kazi hata kama mwanachama hajasoma barua. Anachobaki nacho mwanachama ni kile ambacho nyinyi hamwezi kumfanyia: kama pini ile ile anaitumia kwenye M-Pesa au kwenye kadi ya benki, aibadilishe huko pia. Watu wengi wana pini moja ya maisha yao yote, na mwizi anajua hilo kuliko sisi.

Mkizifuta, mwanachama atapataje pini mpya? Swali hili dogo ndilo lililoiangusha taasisi moja niliyowahi kuitwa kuisaidia. Barua yao ilikuwa safi, pini walizifuta siku hiyo hiyo, lakini utaratibu wao wa kutoa pini mpya ulikuwa ule ule wa zamani: piga simu ofisini, taja nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, upewe pini. Mwizi alikuwa na vyote viwili. Kwa muda wa wiki nzima karani alikuwa anamhudumia kwa adabu, akidhani anawasaidia wanachama waliotishwa na barua. Taarifa ikishavuja, haifai tena kumtambulishia mtu. Kwa chama cha watu 3,800, pini mpya zitolewe ofisini au kwa mwakilishi wa tawi, mwanachama akiwa na kitambulisho chenyewe mkononi. Na kwa walio mbali, mpigieni nyinyi kwa nambari iliyomo kwenye fomu ya karatasi, mkimuuliza jambo lisilokuwamo kwenye faili iliyovuja.

Nambari ya kitambulisho ni ugonjwa wa aina nyingine, kwa sababu mtu hawezi kuibadilisha. Msimwambie mwanachama “chukua tahadhari kuhusu kitambulisho chako”. Hana la kufanya na sentensi hiyo. Mwambieni mambo mawili yanayowezekana. La kwanza ni laini ya simu: aliye na jina, kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa anaweza kujaribu kuihamisha laini ya mwanachama kwenye kadi nyingine, na akifanikiwa, nambari zote za uthibitisho zitamfikia yeye. Dalili yake ni simu kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo simu za wengine zina mtandao. Mwenye laini ya Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isihamishwe na wakala, ila na mwenyewe akifika kwenye duka la kampuni, na kwa *106# anaweza kuona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. La pili ni mikopo inayochukuliwa kwa jina lake. Kila mkopaji ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kampuni za taarifa za mikopo, zile tunazoziita CRB. Mshaurini aichukue baada ya miezi miwili au mitatu, si kesho, kwa kuwa mkopo wa ulaghai huchelewa kuonekana na ripoti ya bure ni moja tu.

Salio na wadhamini hamkuvipa uzito katika swali lenu, lakini mimi ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Tapeli wa kawaida hupiga simu akiwa hajui kitu, na wengi wetu tumeshajifunza kumkatia. Huyu wenu atapiga akijua kwamba Bi fulani ana akiba ya shilingi 412,300, kwamba alimdhamini mwalimu mwenzake kwa mkopo wa 150,000, na kwamba bado kuna 61,000 hazijalipwa. Atasema mkopaji ameshindwa kulipa, chama kinaanza kukata akiba za wadhamini leo saa kumi, ila akituma nusu sasa hivi kwa nambari hii, jina lake litaondolewa. Ni nani asiyetetemeka? Kwa kuwa ujuzi wa salio ndio utakaomfanya aaminike, barua iseme waziwazi kwamba mtu kujua salio lako si dalili ya kuwa anatoka kwetu. Sijaona sentensi nyingine katika barua za namna hii iliyo na faida kama hiyo.

Kisha wako warithi. Hao wengi wao si wanachama, hawana simu kwenye orodha yenu ya ujumbe, na hakuna aliyewaomba ruhusa, lakini majina na vitambulisho vyao vimetoka pia, na sheria inawahesabu kama wenye taarifa sawa na wanachama. Waandikieni peke yao, kwa ufupi, mkisema tu kwamba jina lao lilikuwamo katika kumbukumbu za chama, bila kutaja ni nani aliyewaandikisha. Mna hakika kwamba kila mke anajua ni nani aliyeandikwa katika fomu ya mumewe? Barua ya kueleza uvujaji isiwe uvujaji wa pili.

Hii hapa barua ya wanachama kama ningeiandika mimi. Ibadilisheni pale ambapo uchunguzi wenu utaonyesha tofauti.

“Ndugu mwanachama,

Mtu asiyeruhusiwa amechukua nakala ya taarifa za wanachama wote wa chama chetu, zikiwemo zako. Nakala hiyo ilikuwa imeachwa wazi kwenye tovuti yetu kwa kosa letu kuanzia tarehe 4 Februari hadi tarehe 19 Mei, siku tuliyoligundua kosa na kuiondoa. Tunajua kwamba ilichukuliwa mara mbili tarehe 11 Mei. Kuhusu siku zilizotangulia mwezi Mei, hatuna kumbukumbu za kutuwezesha kusema kama ilichukuliwa au la. Bado hatumjui aliyeichukua.

Pini yako ya huduma yetu ya simu ilikuwamo. Ilikuwa imesimbwa, lakini pini fupi inaweza kubahatishwa hata ikiwa imesimbwa, kwa hiyo tumezifuta pini zote na ya zamani haifanyi kazi tena. Utapata mpya ofisini au kwa mwakilishi wa tawi lako, ukiwa na kitambulisho chako. Ikiwa pini hiyo hiyo unaitumia kwenye M-Pesa au kwenye kadi ya benki, ibadilishe huko leo.

Jina lako, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu vilikuwamo. Mtu anaweza kujaribu kuvitumia kuihamisha laini yako au kukopa kwa jina lako. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako zikiwa nao, nenda mara moja kwenye duka la kampuni yako ya simu, kisha utujulishe. Mwezi Julai au Agosti, chukua ripoti yako ya bure ya mikopo uone kama kuna mkopo usioufahamu.

Salio lako, mikopo yako na majina ya uliowadhamini na waliokudhamini vilikuwamo. Kwa hiyo mtu anaweza kukupigia akayataja yote hayo kwa usahihi. Mtu kujua salio lako si dalili kwamba anatoka kwetu. Sisi hatutakupigia kukuomba pini, nambari ya uthibitisho wala malipo ya mkopo uliodhamini. Akikupigia mtu wa namna hiyo, kata simu, kisha piga wewe mwenyewe nambari ya ofisi iliyoandikwa kwenye kitabu chako cha mwanachama.

Picha za vitambulisho, nambari za kadi za benki na sahihi hazikuwamo katika nakala hiyo.

Tumemjulisha Kamishna wa Data tarehe 21 Mei. Hadi tarehe 30 Juni, hakuna atakayeweza kutoa zaidi ya shilingi 10,000 kwa siku kwa njia ya simu. Anayehitaji zaidi afike ofisini na kitambulisho. Tunajua hili litawasumbua baadhi yenu. Ukikuta pesa zimetoka katika akaunti yako bila wewe kuzitoa, tujulishe ndani ya ofisi au kwa nambari ya simu iliyo kwenye kitabu chako, umwulizie katibu. Tutakuandikia tena tarehe 9 Juni kueleza uchunguzi umefikia wapi, hata kama hatutakuwa na jipya.”

Niseme kidogo juu ya niliyoyaacha na niliyoyaweka. Hakuna “tunathamini sana faragha yako” mwanzoni, kwa sababu mtu aliyepotezewa taarifa zake akisoma hivyo hukasirika, tena kwa haki. Hakuna “shambulio la kisasa la kimtandao”. Hakuna aliyewashambulia, mliacha mlango wazi, na mwanachama aliye na mtoto anayesomea kompyuta atalijua hilo kabla ya jua kuzama. Aya inayotaja visivyochukuliwa ina kazi yake, kwa sababu bila hiyo watu watadhania mabaya zaidi na kukimbilia kufunga hata kadi zisizohusika, lakini iwekeni tu kama fundi ameifungua ile faili na kutazama kila jedwali. Na tarehe ya barua ijayo ni lazima itimizwe. Mkisema tarehe 9 Juni, barua itoke tarehe 9 Juni, hata kama ina sentensi mbili.

Kuhusu hofu ya mwenyekiti, nionavyo mimi, amana ambazo ni dhamana ya mikopo kwa kawaida hazitoki hadi mtu ajiuzulu uanachama kwa notisi, kwa hiyo kinachoweza kukimbia ni zile akaunti za kutoa pesa kila siku, na kikomo cha shilingi 10,000 kinazilinda dhidi ya mwizi na dhidi ya taharuki kwa pamoja. Mwelezeni pia kwamba tapeli atawapigia wanachama, barua iwepo au isiwepo. Mwanachama akisikia habari ya uvujaji kwanza kutoka kinywani mwa tapeli, hapo ndipo atakapoondoka.

Limebaki suala la kuifikisha. Barua ya uvujaji hufanana mno na ujumbe wa kitapeli: inatisha, inaharakisha, inataka mtu afanye jambo. Msiweke kiungo chochote ndani yake wala kufungua tovuti mpya kwa ajili yake. Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, ilipotangaza tarehe 7 Septemba 2017 uvujaji uliowagusa watu wapatao milioni 147, iliwaelekeza kwenye tovuti mpya ya equifaxsecurity2017.com. Mhandisi mmoja akasajili securityequifax2017.com, akageuza maneno tu, ili kuonyesha jinsi jina hilo lilivyo rahisi kuigizwa. Akaunti ya Twitter ya kampuni yenyewe ikawaelekeza wateja kwenye hiyo ya kuigiza, tena si mara moja. Kama wafanyakazi wa kampuni hawakuweza kutofautisha, mwanachama wenu wa kijijini atawezaje?

Tumeni kwanza ujumbe mfupi kutoka kwenye jina lile lile ambalo wanachama wamezoea kuona taarifa za gawio likitoka nalo. Uingie katika herufi 160 usikatwe vipande viwili, kwa mfano: “Taarifa za wanachama zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa. Usimpe mtu yeyote pini wala nambari ya uthibitisho. Barua kamili iko ofisini na kwa mwakilishi wa tawi.” Barua yenyewe ibandikwe ofisini, ipelekwe kwa wawakilishi wa matawi, na isomwe kwa sauti kwenye mikutano, kwa kuwa mna wazee wanaosomewa ujumbe wao na wajukuu. Mkiongeza misimbo ya simu kama ile niliyoitaja, ijaribuni kwanza kwenye simu zenu, na muwatajie wenye laini za Airtel na Telkom utaratibu wao pia. Wenye Safaricom wanaweza kutuma nambari ya tapeli kwenda 333.

Siku ujumbe unapotoka, mtu aliyeelekezwa vizuri akae kwenye simu ya ofisi, na awe na daftari. Kila anayesema “nilipigiwa” aandikwe: saa, nambari iliyompigia, na ni taarifa gani hasa tapeli aliitaja. Tapeli akitaja jina na simu tu, huenda ni wa kawaida asiyehusiana nanyi. Akitaja mdhamini, au salio kama lilivyokuwa siku nakala ile ilipotengenezwa na si kama lilivyo leo, mtakuwa mmepata alama ya faili yenyewe. Daftari hilo mpelekeeni Kamishna na wapelelezi wa DCI, na kutoka humo iandikeni barua ya tarehe 9 Juni.